Kori 8 zinaipigaje prosesa ya kori 16 kwenye gemu?

Chande: Kila kipimo ninachokiona, Ryzen 7 7800X3D yenye kori 8 inaiacha nyuma Ryzen 9 7950X yenye kori 16, tena hiyo kubwa inafika gigahezi 5.7 na ndogo inaishia 5.0. Wanasema siri ni kache. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji tu?

Kibwana: Ni kweli kabisa. Kache ni RAM iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ikiwa kubwa, gemu yote inaingia mle, prosesa haihangaiki tena kwenda nje. Kwa hiyo kache kubwa inashinda kila gemu, kori hazina maana.

Saada: Kibwana, nusu umepata, nusu umeteleza. Gemu yote haiwezi kuingia. 7800X3D ina megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, na gemu ya leo inakula gigabaiti kadhaa za RAM. Kinachoingia ni kile kinachoguswa mara kwa mara katika kila fremu.

Chukua askari mmoja kwenye gemu ya vita. Kila fremu gemu inauliza: yuko wapi, amejeruhiwa kiasi gani, anamlenga nani? Jibu la "anamlenga nani" ni anwani tu ya sehemu nyingine kwenye kumbukumbu. Ukifika huko unakuta anwani nyingine, ya silaha, nayo inakutuma kwingine. Prosesa haiwezi kubashiri hatua ya tatu kabla haijasoma ya pili, kwa hiyo inasimama na kungoja. Safari ya kwenda RAM ni kama nanosekunde 80. Kwenye kache ya ngazi ya tatu ni kama 10.

Sasa tupige hesabu, na namba hizi nazitunga ili tuelewane. Tuseme fremu moja inachukua milisekunde 10, yaani fremu 100 kwa sekunde. Ndani yake kuna safari 40,000 za RAM ambazo prosesa imezingoja: 40,000 mara nanosekunde 80 ni milisekunde 3.2. Kazi yenyewe ni 6.8 zilizobaki. Ongeza kache, na safari 30,000 kati ya hizo ziishie humo. Hizo zinakula 0.3, na 10,000 zinazobaki zinakula 0.8. Kungoja kumeshuka hadi 1.1.

Prosesa yenye kache ya ziada huwa na gigahezi pungufu, tuipunguze basi kutoka 4.7 hadi 4.5, kama ilivyokuwa kwa 5800X na 5800X3D ya mwaka 2022. Kazi ya 6.8 inakuwa 7.1. Jumla 8.2, karibu fremu 122 kwa sekunde. Umepoteza kasi ya saa na bado umepata fremu 22.

Chande: Hapo nimekuelewa. Lakini hizo kori nyingine 8 za 7950X kwa nini zisigawane hiyo kazi ya kungoja?

Saada: Kwa sababu huo mlolongo wa anwani ni wa mtu mmoja. Gemu nyingi zina kazi kuu moja inayokwenda kwa mfuatano: soma vitufe, sogeza dunia, amua nani kafa, kisha andaa amri za kuchora. Sauti, kupakia mafaili na sehemu ya fizikia hugawiwa kori nyingine, na baada ya kori sita au nane wengi wao wanakaa bure wakimsubiri yule mmoja. Halafu 7950X ni vipande viwili vya kori nane nane, kila kimoja na megabaiti 32 zake. Jumla 64 inapendeza kwenye karatasi, ila kori ya kipande hiki haitumii kache ya kipande kile kama yake.

Mwinyi: Mimi naona mnapamba. Nilibadilisha prosesa ya kori 12 nikaweka hiyo ya X3D, nikacheza gemu yangu ileile, nikapata fremu zilezile 71. Hata moja haikuongezeka. Aliyeniuzia alisema nitaona tofauti siku hiyohiyo.

Rehema: Kaka Mwinyi, unachezea 4K?

Mwinyi: Ndiyo, kila kitu juu kabisa. Nina skrini nzuri, kwa nini niibanie?

Rehema: Basi kadi ya picha ndiyo inayokuchelewesha. Shusha hadi 1080p kwa dakika tano, simama palepale kwenye ramani, uangalie. Fremu zikipanda sana, prosesa yako ilikuwa inamsubiri mwenzake. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyobana.

Ila na mimi nina langu. Ninahariri video mchana na kucheza usiku, na nimechoka kuambiwa kori 16 ni ushamba. Nikisafirisha video, zile kori zote zinafanya kazi.

Saada: Hakuna aliyesema ushamba, dada. Video ni data iliyopangwa foleni, prosesa inajua kipande kinachofuata na inakivuta mapema, tena inakatwa vipande kila kori ikapewa chake. Kache kubwa haina cha kuokoa hapo.

Kibwana: Basi achukue 7950X3D, kori 16 na megabaiti 128. Mchezo umekwisha.

Rehema: Hapana! Kache ya ziada imekaa kwenye kipande kimoja tu: 96 huku, 32 kule. Windows inatakiwa ijue kwamba hii ni gemu, iipeleke upande wa kache na kuzilaza kori za upande wa pili, na kwa hilo inategemea Xbox Game Bar. Isipotambua gemu, inaweza kuangukia upande wa kasi ya saa na kache uliyoinunua ikalala. Fungua Task Manager gemu ikiwa inakwenda, utaona ni nusu ipi inayofanya kazi.

Kibwana: Sawa, lakini Factorio hamtanibishia. Kiwandani kwangu X3D inapaa.

Saada: Kiwanda chako kina ukubwa gani? Factorio ni mfano mzuri kwa sababu unaonyesha mwisho wa hadithi. Ramani ya wastani, ambayo data yake inayoguswa inaenea kwenye kache, faida ni kubwa mno. Endelea kujenga hadi data ivuke hizo megabaiti 96, safari za RAM zinarudi na faida inaanza kuyeyuka. Kwenye gemu nyingine hutauona huo mpaka waziwazi hivyo.

Rehema: Ndiyo maana nasema msimpe Chande sheria ya kudumu. Waundaji wakigawa kazi kuu vizuri zaidi, hizi kori zangu zitakuja kudai haki yao.

Saada: Ahadi hiyo naisikia tangu enzi za kori nne. Gemu zimesogea, ndiyo, ila ile kazi kuu bado ipo. Mimi ningenunua kwa gemu za leo.

Rehema: Na mimi sinunui mashine ya mwaka mmoja.

Mwinyi: Nimerudi. 1080p, palepale sokoni kwenye gemu: 163. Nikarudisha 4K: 71. Lakini kuna kitu. Zamani nikiingia soko lile likiwa na watu wengi picha ilikuwa inakwama kwama, sasa hata kwenye 4K haikwami. Namba ya wastani ni ileile.

Saada: Angalia mstari wa fremu za chini, 1% low, uache wa wastani. Pale watu wanapojaa ndipo prosesa inapobanwa hata kwenye 4K. Ulipima hiyo kabla ya kubadilisha?

Mwinyi: Sikupima. Na ile ya zamani nimeshaiuza.