Naomba ushauri: picha za daftari zina kivuli na ukungu

Wakuu, habari zenu. Nachapa daftari la mikopo la kikundi chetu kutoka picha za simu alizonitumia katibu aliyeko kijijini. Kivuli cha simu kimeangukia mkunjo wa kurasa, na pembeni maandishi yana ukungu. Nikiongeza mwanga, penye kivuli panasomeka, ila penye ukungu hapabadiliki kabisa.

Mstari mmoja unaweza kuwa 30,000 au 80,000. Jumla ya ukurasa inaelekea kukubaliana na 80,000, lakini tarakimu yake moja nayo haionekani vizuri. Kwa sasa nimeandika [30,000 au 80,000?], na pasiposomeka nimeweka [haisomeki].

Je, jumla hiyo inatosha kuamulia, au nisubiri katibu apige upya kando ya dirisha? Naogopa mwanachama asije akadaiwa deni lisilo lake.