Wakuu msaada, "na" na "au" kwenye hesabu za < na > zinanivuruga

Mzushi_wa_Namba: Habarini wakuu. Swali lilikuwa 2x + 1 < -5 au 3x - 4 > 8. Nikapata x < -3 au x > 4, hapo sina shida, sasa nikaona niiunganishe ikae vizuri nikaandika 4 < x < -3, mwalimu kaichora mkasi mwekundu. Namba si zilezile jamani?

Kibogoyo: Au maana yake chagua moja mkuu. Andika x > 4 basi, umemaliza.

Bi_Hesabu: Kibogoyo usimpoteze mwenzio, hapo hachagui, anachukua zote mbili. Mzushi, ukiandika namba tatu kwa mnyororo vile tayari umesema "na", hata kama hujaliandika hilo neno. Soma ulichoandika: x imezidi 4 na hapohapo haifiki -3. Nitajie namba moja tu ya hivyo. Haipo, kwa hiyo umegeuza swali lenye majibu yasiyoisha likawa halina jibu hata moja. Angalia tu ncha za mnyororo, ukiona 4 < -3 ujue umeharibu.
Jaribu namba kwenye swali lenyewe. Weka 10: upande wa kwanza 21 < -5 uongo, wa pili 26 > 8 kweli. Kwenye "au" kweli moja inatosha, 10 imo. Weka 0: 1 < -5 uongo, -4 > 8 uongo, imetoka. Jibu lako la mwanzo liache vilevile, vipande viwili.

Dogo_Janja77: Mi nakariri hivi, "na" jibu liko katikati, "au" mishale inakimbiana huku na huku. Haijawahi kunitupa.

Bi_Hesabu: Itakutupa. x > 2 na x > 6, katikati iko wapi hapo? Jibu ni x > 6 tu, mshale mmoja. Halafu x < 7 au x > 2, chora mstari wa namba uone, mishale inapishana na kufunika mstari mzima, kila namba ni jibu. Chora yote miwili kwanza, "na" unabaki na pale ilipolaliana, "au" unabeba popote palipoguswa hata na mmoja.

Mama_Twins: Samahani nadandia uzi, mwanangu ana -3 < 5 - 2x ≤ 9, kafika -8 < -2x ≤ 4 akagawa kwa -2 akapata 4 < x ≤ -2. Ndo yaleyale?

Bi_Hesabu: Hapana mama, huyo "na" yake iko sawa, kasahau kugeuza alama alipogawa kwa hasi, na zinageuka zote mbili. Ni 4 > x ≥ -2, yaani -2 ≤ x < 4.

Mzushi_wa_Namba: Aisee nimeelewa. Sasa ile ikikosa jibu kabisa, naandika "hakuna" au naweka ∅?

Kibogoyo: Wa kwetu alikuwa anakata maksi ukiandika maneno.

Dogo_Janja77: Wa kwetu anakata ukiweka alama 😂