Video ya kuonyesha simu za mtumba: kila simu na video yake, au video moja kwa kila modeli?

Duka_Kilombero (Arusha)

Wakuu, nina duka dogo la simu za mtumba karibu na soko la Kilombero. Nimerekodi video ya dakika nne ya iPhone 11 ya GB 64, naijaribu mbele ya kamera: kioo, betri, kamera, spika, laini. Nataka kuipandisha YouTube ila nimekwama kwenye maandishi yake. Chaguo la kwanza, kila simu inayoingia ipate video yake na bei iwe kwenye kichwa. La pili, video moja kwa kila modeli, bei ikae kwenye maelezo ya chini. Kichwa nilichoandika ni hiki:

```
OFA KALI!! Simu safi sana bei poa karibuni dukani
```

MeruStudio

Mkuu, kichwa hicho hakina neno hata moja ambalo mnunuzi ataliandika kwenye kisanduku cha kutafuta. Hakuna mtu anayetafuta "simu safi sana". Anaandika "iphone 11 used arusha" au "iphone 11 gb 64 bei". YouTube inakupa herufi 100 za kichwa, lakini kwenye simu kinakatwa mapema, kwa hiyo jina la modeli lianze.

Kuhusu chaguo lako, jiulize kwanza kipi kinaweza kubadilishwa baadaye. Kichwa, maelezo na picha ya jalada utavibadilisha wakati wowote na watazamaji waliokwishaangalia hawapotei. Faili la video lenyewe huwezi kuliondoa ukaweka jingine mahali pake. Ukipandisha upya, hiyo ni video mpya, kiungo kipya, hesabu inaanza sifuri. Sasa simu ya mtumba inauzwa mara moja. Ukitamka bei mdomoni, au ukasema "hii nyeusi yenye betri asilimia 84", video imekufa siku simu ilipotoka dukani.

Kwa dakika nne za majaribio nachagua video ya modeli. Bei, rangi na asilimia ya betri viende kwenye maelezo.

Bonge_DoubleRoad (Moshi)

Sikubaliani. Bei ndiyo inavuta mtu. Video isiyo na bei watu wanaipita, halafu kutwa nzima unajibu "bei gani kaka". Weka bei kwenye kichwa, kisha jaza lebo: Samsung, Tecno, Infinix, iPhone zote, na hashitegi hata 70 chini. Ukiweka nyingi unaonekana sehemu nyingi.

MeruStudio

Kwenye bei una hoja, ntairudia. Kwenye hashitegi umepotea. Zikizidi 60 YouTube inazipuuza zote, hata zile nzuri. Nazo zinazoonekana karibu na kichwa ni tatu tu, basi andika tatu. Lebo zina nafasi ya herufi 500 kwa jumla, lakini YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, zinasaidia zaidi pale watu wanapokosea tahajia, mfano "ifone 11" au "iphon 11". Kuweka Tecno na Infinix kwenye video ya iPhone ni maelezo ya kupotosha, na video inaweza kuondolewa kwa hilo.

Bei kwenye kichwa inawezekana kama mwenye duka ataibadilisha kila inapobadilika. Tatizo ni mazoea: bei inashuka dukani, kichwa kinabaki cha zamani, mteja anatoka Usa River na namba nyingine kichwani, mnagombana kaunta. Bei ikikaa kwenye mstari wa kwanza wa maelezo pamoja na tarehe, mteja anajua anasoma kitu cha lini.

Mama_Kava

Samahanini kuingilia. Mimi nauza kava na vioo vya kubandika. Video yangu haina kabisa sehemu ya maoni, nimehangaika kwenye mipangilio ya simu nzima. Ni hizo lebo?

Fundi_UsaRiver

Sio lebo, dada. Fungua YouTube Studio, ingia kwenye video, tafuta sehemu ya `Audience`. Nadhani umechagua `Yes, it's made for kids`. Ukichagua hiyo maoni yanafungwa. Weka `No, it's not made for kids`, uhifadhi. Watu wengi wanadhani swali linauliza kama mtoto anaruhusiwa kuangalia, kumbe linauliza kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto.

Kwa mwenye mada: video ya dakika nne igawe kwa muda kwenye maelezo, maana mnunuzi wa iPhone ya mtumba ana hofu mbili, imefungwa mtandao au imebadilishwa kioo. Anataka kuruka moja kwa moja hapo. Masharti: mstari wa kwanza uwe 00:00, iwe mistari mitatu au zaidi kwa mpangilio wa muda, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Ukianza na 00:05, mgawanyo hautokei na hakuna atakayekwambia kwa nini. Yako ingekuwa hivi:

```
iPhone 11 GB 64 ya mtumba: laini, betri na kioo | Arusha

Bei leo 12/5: andika hapa. Zilizopo: nyeusi 1, nyeupe 2
WhatsApp: https://wa.me/2557XXXXXXXX

00:00 Muonekano na mikwaruzo
00:35 Laini: Carrier Lock
01:20 Betri: Maximum Capacity
02:05 Kioo: Parts and Service History
02:50 Kamera na spika
```

Kwenye 00:35 kamera isogee hadi maandishi `No SIM restrictions` yasomeke, yako `Settings > General > About`. Ukiyaandika kwenye maelezo bila kuyaonyesha, hayana thamani.

Namba ya wa.me haina alama ya kujumlisha wala sifuri baada ya 255. Ukiandika 25507 haifunguki.

Bonge_DoubleRoad (Moshi)

Sawa, hashitegi nimekubali. Lakini simu moja moja nitazitangazaje? Mimi natumia Shorts, na kiungo cha WhatsApp naweka chini kila mara.

Fundi_UsaRiver

Viungo kwenye maelezo na maoni ya Shorts havibofyeki tangu mwishoni mwa Agosti 2023. Mteja anaona maandishi tu. Andika namba ya kawaida anayoweza kuikariri, au itaje kwenye video. Kuna pia `Related video` ndani ya Studio: Shorts ya simu nyeusi inampeleka mtu kwenye ile video ndefu ya modeli. Chaneli mpya huenda isiione mpaka ikamilishe uthibitisho, angalia `Feature eligibility`.

Duka_Kilombero (Arusha)

Kwa hiyo Shorts kwa kila simu, bei ndani yake, na nikiuza naifuta; ndefu inabaki. Je, IMEI niiandike kwenye maelezo ili wateja waamini?

MeruStudio

Usiandike nzima, na ukipiga *#06# mbele ya kamera funika tarakimu za mwisho. Mtu anaweza kuichukua akaitumia kutangaza simu asiyo nayo. Tarakimu 8 za kwanza zinatambulisha modeli, hizo zionyeshe. Mteja akija dukani apige mwenyewe, kisha atume IMEI kwenda 15090 ya TCRA.

Bonge_DoubleRoad (Moshi)

Hapo mteja wa Himo hakuamini. Nauli ya kuja Arusha kisha simu iwe feki? Mimi naitoa nzima.

Fundi_UsaRiver

Mtumie nzima WhatsApp yule aliyeonyesha nia, si kila mpita njia. Na kama unamtumia video pia, usiitume kama dokumenti ikiwa uliirekodi nyumbani: faili halisi linaweza kubeba mahali uliporekodia. Zima `Location tags` kwenye kamera kabla ya kurekodi.

Mama_Kava

Maoni yamefunguka. La kwanza: "bei gani?"