Acheni kuwaambia watu CRF 28 ya HEVC ni sawa na 23 ya AVC

Wakuu, leo nina hasira na nitayasema yote.

Kila anayeuliza abane video yake kwa namba gani anapewa jibu moja la haraka: "AVC weka 23, HEVC weka 28, ubora uleule, faili nusu." Hakuna anayemuuliza video yake ina nini ndani. Imepigwa mchana au usiku? Ina chenga au ni safi? Itatazamwa kwenye simu au skrini kubwa? Namba inatupwa, mtu anashukuru, na uharibifu unakuja kuonekana baadaye.

Sisi umetufika. Kuna studio tuliipa rekodi zetu za maonyesho ya jukwaani izibane. Asili ni 1080p, fremu 25 kwa sekunde, kamera ilirekodi AVC ya biti 8 kwa megabiti 50 kwa sekunde, yaani kama MB 375 kwa dakika. Faili zimerudi zikiwa HEVC, na ujumbe juu: kazi imekwisha, sasa tunaweza kufuta asili tupate nafasi.

Nikafungua onyesho lenye taa chache. Ukuta wa nyuma ya jukwaa umekatika mabaka mabaka kama ramani, na kingo za mabaka hayo zinatambaa msanii akisogea. Kila baada ya sekunde kadhaa ukuta wote unaruka mara moja, kwa sababu fremu kuu mpya imeingia ikiwa na ukungu wa aina nyingine. Vitambaa vyeusi vimekuwa doa moja lisilo na mikunjo. Nikaingiza faili kwenye MediaInfo, maana x265 huandika mipangilio yake ndani ya video yenyewe, na hapo ikasomeka wazi: `crf=28.0`. Nilipowapigia wakaniambia hiyo ndiyo namba "inayopendekezwa".

Asili bado ninayo, kwa hiyo nilikata dakika moja mbaya kuliko zote nikaibana upya kwa namna tofauti. Amri ni hii, nikibadilisha enkoda na namba, na preset pale ninapoitaja:

```
ffmpeg -ss 00:41:00 -i asili.mov -t 60 -an \
  -c:v libx265 -preset slow -crf 22 \
  -pix_fmt yuv420p10le jaribio22.mkv
```

x265 kwa 28, preset medium kama yao: MB 24, ukuta umekufa. x264 kwa 23: MB 66, ukuta una madoa kidogo lakini mikunjo ya nguo ipo. Hapo tayari mnaona "ubora uleule" ni maneno matupu. Nikashuka na x265 hadi 22 kwa biti 10, ikatoka MB 61 na ukuta umetulia. Ili x264 ifike hapo kwa jicho langu ilibidi niipe 20, ikala MB 97. Kwa hiyo HEVC imeniokolea nafasi, sikatai, lakini ni kama theluthi moja. Ile nusu mnayoahidi haipo kwenye dakika hii, na ukiilazimisha inalipwa kwa picha.

Halafu nikachukua mahojiano kutoka kwenye seti hiyohiyo: mtu amekaa, taa za kutosha, kamera imefungwa kwenye tripodi. Hapo x265 kwa 26 ilikuwa safi, na hata 28 ningeikubali kwa kutazamia simuni. Kamera ileile, kodeki ileile, namba mbili tofauti kabisa. Sasa nani alimruhusu mtu kusema namba moja kwa kazi zote?

---

Mdau_Render

Mkuu hasira yako naielewa, ila hiyo 28 hawajaiokota barabarani. Ndiyo thamani ya kuanzia ya libx265, na maelezo ya ffmpeg yanasema inapaswa kukaribia 23 ya libx264 kwa macho. Dawa ni rahisi: weka 18 kwa kila kitu. Kila ukishuka 6 faili inakuwa mara mbili, ukipanda 6 inakuwa nusu. 18 hakuna jicho litakaloona tofauti, umemaliza.

---

Kizazi_cha_AVC

@Mdau_Render hapo kwenye 6 uko sawa nusu. Kwenye kodeki zote mbili hatua ya kukadiria thamani huongezeka maradufu kila QP ikipanda 6, na kwa video safi saizi hufuata hivyo kwa makadirio. Video yenye chenga haifuati. Kwenye 28 chenga nyingi zinafutwa zote, hazigharimu kitu. Ukishuka zinaanza kuvuka kizingiti na kuingia kwenye faili, na chenga haibashiriki kutoka fremu iliyopita, kwa hiyo kila fremu inalipia zake upya. Ndiyo maana mwenye uzi ametoka 24 hadi 61, zaidi ya mara mbili, ingawa na kubadili preset kumechangia. Na hiyo pia ndiyo sababu HEVC inapoteza sehemu ya faida yake hapo: ubora wake mkubwa ni kubashiri, na chenga hazibashiriki.

Na 18 kwa kila kitu ni ushauri mbaya kama 28 kwa kila kitu. Mtu akikuletea video iliyokwisha kubanwa mtandaoni, ukaibana tena kwa 18, enkoda itahangaika kuhifadhi uchafu wa ubanaji wa kwanza kwa uaminifu mkubwa. Faili inatoka kubwa kuliko ile uliyopewa na picha haijawa bora hata kidogo. Nimeona watu wakilalamika ffmpeg mbovu kwa sababu hiyo.

Kuhusu ukuta wa mwenye uzi: kwenye biti 8 mwangaza wa video unaanzia 16 hadi 235. Ukuta wenye giza labda wote unaishi kati ya 20 na 30. Kivuli kinachofifia polepole kina ngazi chache mno za kutembelea, na tofauti ya ngazi moja au mbili ndiyo kitu cha kwanza kumezwa CRF ikiwa juu. CRF haijui kwamba jicho lako limeganda kwenye ukuta ule. Inaangalia ugumu wa picha na mwendo, inagawa biti kwa kanuni zake. Kubana kwa biti 10 kunasaidia hata kama asili ni biti 8, maana ukadiriaji wa ndani unakuwa na usahihi zaidi. Jaribu pia kuongeza:

```
-x265-params aq-mode=3
```

Kawaida x265 inatumia 2. Hii 3 inaelekeza biti zaidi kwenye giza. Faili itakua kiasi, lakini pengine utaweza kurudi 23 badala ya kushuka 21.

---

Simba_Mpole

Samahani wakuu, mimi HEVC yangu haionyeshi picha kabisa. Nimeweka CRF 28, nikaweka 20, nikaweka 15, kwenye kompyuta inacheza, kwenye iPhone inagoma. Namba ipi inafaa iPhone?

---

Kizazi_cha_AVC

@Simba_Mpole yako haihusiani na CRF. Hifadhi faili kama MP4 na uongeze `-tag:v hvc1`. Bila hiyo ffmpeg inaandika `hev1` na vifaa vya Apple vinaikataa. Rudi kwenye namba yako ya kawaida, hiyo 15 inakumalizia diski bure.

---

Fundi_GPU

Mimi naona mnajitesa. Natumia `hevc_nvenc`, naweka 28, saa nzima inaisha kwa dakika chache na picha ni safi. Kwa hiyo 28 inafanya kazi, tatizo ni macho yenu.

---

Mwenye uzi

@Fundi_GPU hapana, na hili ndilo linaloniudhi. Hiyo 28 yako ya `-cq` ya kadi ya picha siyo CRF 28 ya x265. Ni enkoda nyingine yenye kipimo chake. Linganisha saizi za faili kwanza, ndipo uniambie habari za macho. Hata ndani ya x265 peke yake namba haivuki preset: dakika yangu hiyohiyo kwa CRF 22 ilitoka kubwa zaidi kwenye slow kuliko medium, kwa sababu slow inafanya maamuzi tofauti kuhusu vitu vidogo vya kuhifadhi. Anayekupa namba bila kukupa enkoda na preset hajakupa kitu.

@Kizazi_cha_AVC asante, nimejaribu aq-mode=3 na biti 10 kwenye 23. MB 58, na ukuta ni mzuri sawa na ule wa 22. Nimelinganisha kwa kusimamisha fremu ileile kwenye faili zote, skrini kubwa, taa za chumba zimezimwa, kisha nikaiacha icheze, maana kutambaa kwa mabaka hakuonekani kwenye fremu iliyosimama. Hii ndiyo nitakayowaandikia studio: maonyesho ya giza 23 kwa mpangilio huo, mahojiano 26, na asili hazifutwi mpaka tuwe tumetazama kila faili.

---

Kichujio

Mimi nitakupinga. Unalipa MB 58 kwa dakika, na sehemu kubwa ya hizo ni chenga za kihisi cha kamera. Chenga siyo onyesho. Pitisha `-vf hqdn3d` nyepesi kabla ya kubana, kisha 24 itakutosha na faili itashuka sana.

---

Kizazi_cha_AVC

Akisafisha chenga zote ukuta utarudi kukatika mabaka vibaya zaidi, maana chenga ndizo zinazoficha ngazi za kivuli. Na hicho ulichokifuta hakirudi. Kwa kumbukumbu za kudumu mimi singegusa.

---

Kichujio

Ndiyo maana nimesema nyepesi. Na akibana kwa biti 10 ngazi hazionekani hivyo.

---

Mwenye uzi

Nimeijaribu kwa thamani zake za kawaida, kisha x265 24, biti 10, aq-mode=3. MB 31. Ukuta umebaki mzuri kuliko nilivyotegemea, hilo nakupa. Lakini kuna msanii ana shela yenye nyuzi nyembamba, na akigeuka haraka nyuzi zinapotea kwa fremu kadhaa halafu zinarudi. Kwenye 23 bila kichujio zipo muda wote. @Kichujio kama una thamani za hqdn3d zinazoacha vitu kama hivyo salama ziweke hapa, nitazipitisha kwenye dakika ileile niweke fremu zote mbili.