Tupeane uzoefu: mteja kachagua rangi zinazogombana, ulimwambiaje bila kumvunja moyo?

Fundi wa Chikongola
Habari zenu wakuu, mafundi wenzangu na wateja pia karibuni. Nina miaka 22, ofisi yangu kibaraza tu hapa Chikongola, Mtwara. Naanza na ya kwangu.

Mwezi wa 12 shule zimefungwa akaja mama mmoja, binti yake anatoka unyago. Kaja na kitenge cha machungwa chenye maua ya bluu nzito, na satini ya pinki ya kuwaka mita 2 ashainunua, anataka mikono mipana na mkanda viwe vya satini. Nikaona hapa pana kazi. Machungwa na pinki ile zote kali na zinalingana ukali, hakuna inayokubali kukaa chini ya mwenzake, watu wanaona nguo kabla hawajaona uso wa mvaaji. Ila huyu ni sawa na mama yangu na hela ashatoa, nikisema "mama hii haiendani" ni kama namwambia hajui kuchagua.

Bas nikamuuliza tu, mama hii pinki imetokea wapi? Akafurahi, akasema gauni la mwali ni pinki, nataka tukitoka watu wajue yule wangu. Hapo nikapata pa kuanzia, maana nikishaitoa pinki yote nimemtoa na mtoto wake.

Nikachukua futi kamba nikawa napima kama kawaida, afu nikambandika kitenge kifuani kwa pini, bega moja satini yake, bega la pili kipande cha bluu kutoka kwenye mfuko wangu wa vipande, bluu ileile ya maua. Nikamwomba tutoke nje maana taa yangu ya ndani inapoozesha pinki. Kioo nikakishika mimi, nikasema mama rudi hatua tatu, finya macho kidogo. Nikanyamaza. Akaangalia weeee, akasema "mwanangu, huku kwenye bluu naonekana mimi." Afu akanyong'onyea, "sasa hela yangu ya satini ndo imepotea?"

Nikamwambia haipotei, tunaiweka bitana ya mikono. Ukishusha mikono ni bluu, ukiinyanyua kwenye ngoma pinki inatokea. Akapiga vigelegele palepale barazani! Akaongeza bluu mita moja na nusu, na mkanda ukawa wa bluu. Bitana niliikata fupi robo inchi kuliko mkono ili isichungulie, satini inateleza, ukiipa urefu sawa itatoka tu.

Mama Nahodha, Lindi
Hongera mdogo wangu. Mimi sheria yangu nguo rangi mbili tu, ya tatu ni fujo.

Bi Cherehani
Mama Nahodha hiyo inafaa kitambaa kisicho na maua. Kitenge chenyewe kina rangi tatu nne, ungekikataa chote. Huyu binti kafanya la maana, kachukua rangi iliyomo ndani ya ua, ile chache, akaipa nafasi kubwa zaidi. Mimi nikiwa na mteja mbishi napiga picha kwa simu, naitoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Pinki na machungwa za hivyo zinaonekana karibu kijivu kimoja, bluu nzito inakuwa giza, mteja anajionea mwenyewe. Ila picha isikudanganye, inaonyesha mwanga na giza tu, ukiwa na rangi mbili zilizopishana mwanga bado zinaweza kugombana. Na kuna akina mama wanataka ugomvi huohuo wa rangi, waonekane tokea mbali uwanjani, hao usiwabembeleze, washonee.

Dulla wa Masasi
Mimi yalinikuta, nilishona gauni jeupe na kola nyekundu, lilivyofuliwa mara ya kwanza likawa pinki lote, mteja alinililia dukani. Rangi ziligombana vibaya.

Fundi wa Chikongola
Pole kaka Dulla, ila hiyo ni kuchuja, ni jambo lingine. Kabla hujakata lowanisha kipande, weka kitambaa cheupe juu, piga pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi usiiweke kwenye nguo nyeupe.

Mwajuma Shangani
Na akishaona kwenye kioo na bado akang'ang'ania?

Fundi wa Chikongola
Dada nilimpata mmoja, kijani ya mgomba na nyekundu, nikamwonyesha vyote akasema shona. Nikabandika vipande viwili kwenye daftari, akasaini pembeni, nikashona kwa moyo wote, mshono ulinyooka kabisa. Akalipa akaondoka, hajarudi mpaka leo. Nguo aliipenda au hakuipenda, sijajua, na bado nawaza kama ningemuuliza rangi imetokea wapi kama nilivyomuuliza yule mama. Yeye sikumuuliza.