Kikao cha lazima kimegongana na kazi ya mteja: kuarifu kwatosha, au ni lazima upewe ruhusa?

Fundi wa Changamwe: Kikao cha wafanyakazi wote ni Jumamosi saa 3 asubuhi, na tangazo lasema ni lazima. Saa hiyohiyo nina miadi ya kufanyia matengenezo jenereta la ghala la samaki, na mteja ameshapanga kuhamisha samaki tangu alfajiri. Nimwarifu tu msimamizi kwamba sitakuja, au nisubiri akubali?

Bakari: Mwarifu uende zako. Mteja ndiye anayetulipa mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 44, inamlinda mwenye sababu halali ya kutokuwapo kazini.

Bi Mwanaisha: Bakari, umesoma nusu. Kifungu hichohicho kinataja pia kukataa amri halali ya mkubwa wako. Msimamizi akijibu "njoo kikaoni" nawe ukaenda ghalani, hoja si utoro tena, ni ukaidi. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akusikilize kabla ya kukufukuza kwa utovu wa nidhamu, lakini kusikilizwa si kushinda.

Fundi, omba ruhusa leo, kwa maandishi. Usiiite dharura; ratiba itaonyesha ilipangwa zamani, na hapo hata ukweli wako utatiliwa shaka. Mimi ningeandika hivi:

"Bosi, Jumamosi saa 3 nina matengenezo ya jenereta ghala la samaki, yaliyopangwa kabla ya tangazo la kikao. Tukiahirisha, mteja atakuwa amehamisha samaki bure. Naomba ruhusa nikose kikao, nisome kumbukumbu zake Jumatatu. Ikiwa lazima niwepo, naomba fundi mwingine aende, au umwombe mteja tuanze saa 6. Naomba jibu kabla ya Alhamisi jioni, ili mteja ajue."

Hapo uamuzi ni wake, na gharama ya kila njia anaiona. Hakuna anayepaswa kuchagua peke yake kati ya bosi na mteja.

Dereva wa Kisauni: Mimi nilikosa kikao kwa ajili ya msiba, nikakatwa mshahara wa siku nzima. Hao hawaelewi maandishi!

Bi Mwanaisha: Pole sana, kaka. Lako ni jambo jingine, ila lina dai: kifungu cha 19 kinaruhusu kukata siku ambayo hukuwapo kutwa nzima bila ruhusa wala sababu halali. Kama baada ya kikao ulifanya kazi, uliza hesabu hiyo.

Fundi wa Changamwe: Na bosi akinyamaza hadi Ijumaa?

Bi Mwanaisha: Kimya si ruhusa. Mpigie, kisha uandike mlichokubaliana. Asipopatikana, nenda kwa aliye juu yake.

Bakari: Hapo hatukubaliani, dada. Aliyeombwa mapema akanyamaza amekuachia uamuzi. Mimi Jumamosi niko ghalani.

Bi Mwanaisha: Nawe ukiitwa Jumatatu kujieleza, utaonyesha jibu la nani?