Naomba ushauri: mstari wa chini wa ECG unatetemeka, ni moyo au ni mgonjwa?

Wauguzi wenzangu, shikamooni. Nasomea uuguzi, niko wodi ya moyo hapa Kampala. Tuna mama mwenye vali iliyobana kwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Kwenye karatasi yake, nafasi kati ya QRS moja na nyingine hazilingani hata kidogo, na sioni wimbi la P.

Kugawa 300 kwa visanduku vikubwa hakufai hapa, kwani kila nafasi inatoa jibu lake. Kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, nimechukua visanduku vikubwa 30, yaani sekunde 6, nikapata QRS 13. Mara 10 ni 130 kwa dakika. Lakini mkononi nilihesabu 98 dakika nzima. Nadhani mapigo mengine ni dhaifu, hayafiki.

Nashuku fibrilesheni ya atiria. Ila mama anatetemeka kwa baridi, na misuli nayo huchafua mstari. Najua mtetemo wa misuli peke yake hauvurugi mpangilio wa QRS. Je, nyinyi mnathibitishaje: mnampasha joto na kurudia kipimo, au mnaangalia V1 kwanza? Na kwenye chati mnaandika namba zote mbili?